Nyanya, moto na mafuta: jinsi ya kupika rojo ili laikopini iingie mwilini

Wekundu wa nyanya ni laikopini. Gramu 100 za nyanya mbichi iliyoiva vizuri huwa na miligramu 2.6 hivi, zikizidi au kupungua kufuatana na aina ya nyanya na kiwango cha kuiva. Lakini kuwamo ndani ya nyanya ni jambo moja, na kufika kwenye damu ni jambo jingine kabisa. Mtu akila nyanya mbichi peke yake, bila chochote chenye mafuta, sehemu kubwa ya laikopini hiyo hupita tumboni na kutoka bila kuguswa.

Hapa tunapika sufuria moja ya rojo la nyanya la watu 4, hatua kwa hatua, tukieleza kila hatua inafanya nini kwa laikopini. Ukishaelewa rojo hili, hutasumbuka kujua la kufanya na nyanya ya kopo au kachumbari, kwa sababu kanuni ni zilezile.

Laikopini imefungiwa wapi

Ndani ya seli za nyanya iliyoiva, laikopini haiogelei kwenye maji ya tunda. Imejikusanya kuwa fuwele ndogo mno, nyingi zikiwa nyembamba kama sindano, na fuwele hizo zimo ndani ya vifuko vyenye utando wake. Vifuko vimo ndani ya seli, na seli imezungushiwa ukuta mgumu wa nyuzinyuzi. Meno huvunja baadhi tu ya seli hizo. Kipande cha nyanya kinachomezwa kikiwa kimetafunwa nusunusu huingia tumboni kikiwa na maelfu ya seli nzima, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kumeng'enya kuta hizo.

Kikwazo cha pili ni fuwele yenyewe. Laikopini haiyeyuki majini hata kidogo; hupenda mafuta. Ikiwa bado ni fuwele, hata ikitoka kwenye seli haina njia ya kupenya ukuta wa utumbo. Lazima kwanza iyeyuke ndani ya mafuta.

Cha tatu ni umbo. Molekuli ya laikopini ni mnyororo mrefu wa kaboni, fomula yake C40H56. Kwenye nyanya nyekundu ya kawaida, zaidi ya asilimia 90 ya molekuli hizo zimenyooka kama fito. Fito zilizonyooka hupangana kwa urahisi, zikagandana na kuwa fuwele. Zilizopinda haziwezi kupangana vizuri, kwa hiyo huyeyuka haraka zaidi na kuchukuliwa na utumbo kwa urahisi zaidi. Ukipima laikopini iliyomo kwenye damu ya watu, utakuta zaidi ya nusu ni ya umbo lililopinda, ingawa waliyokula ilikuwa karibu yote imenyooka.

Moto hushughulikia hayo yote kwa sehemu. Hulainisha kuta za seli, hupasua vifuko, hulegeza fuwele na kupindisha baadhi ya fito. Lakini moto peke yake haumalizi kazi. Nyanya zilizochemshwa kwa maji matupu hutoa laikopini kwenye seli, kisha laikopini hiyo hubaki haina pa kuyeyukia. Hata kule kupinda kwa fito hutokea kidogo sana kwenye maji, na hutokea vizuri zaidi laikopini ikiwa imeshaingia kwenye mafuta ya moto.

Mafuta yanafanya nini tumboni

Wengi hudhani mafuta ni gari la kubebea tu. Ni zaidi ya hapo. Mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, mwili huamrisha mfuko wa nyongo ukaze na kumimina nyongo. Bila mafuta kwenye mlo, nyongo inayotoka ni kidogo. Nyongo huyavunja mafuta kuwa vitone vidogo mno, na laikopini iliyoyeyuka hupanda humo na kusogezwa hadi kwenye seli za ukuta wa utumbo. Ndani ya seli hizo, mafuta hufungwa tena kuwa vifurushi vinavyoingia kwenye limfu, halafu kwenye damu. Laikopini husafiri ndani ya vifurushi hivyohivyo. Mlo usipokuwa na mafuta, vifurushi havitengenezwi vya kutosha, na hata laikopini iliyofika mlangoni hukosa usafiri.

Jambo hili limepimwa kwa watu. Mwaka 1992, Wilhelm Stahl na Helmut Sies wa Chuo Kikuu cha Düsseldorf, Ujerumani, waliwapa watu maji ya nyanya yaliyochemshwa kwa saa 1 pamoja na mafuta ya mahindi kiasi cha asilimia 1. Laikopini kwenye damu ilipanda. Maji ya nyanya yaleyale bila kuchemshwa hivyo hayakuipandisha. Mwaka 1997, kundi hilo lilipima tena, safari hii wakilinganisha nyanya mbichi na nyanya ya kopo nzito. Kila mlo ulikuwa na miligramu 23 za laikopini na gramu 15 za mafuta ya mahindi. Kwa kuwa mafuta yalikuwa sawa pande zote mbili, tofauti iliyobaki ni usindikaji tu: nyanya ya kopo ilipandisha kilele cha laikopini mara 2.5, na jumla iliyoingia ilikuwa mara 3.8.

Vitu vya kuandaa

Kilo 1 ya nyanya nyekundu zilizoiva, vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya kupikia (karibu gramu 27), kitunguu maji 1 cha wastani, punje 2 za kitunguu saumu na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mafuta yoyote ya kula yanafaa. Hakuna sababu ya kununua mafuta ghali kwa ajili ya laikopini. Kazi hapa ni ya kiasi cha mafuta na joto.

Tumia sufuria pana ya chuma kisichoshika kutu au yenye enameli. Nyanya ni chachu, na rojo likitokota muda mrefu kwenye alumini tupu huila sufuria na kuacha ladha ya chuma.

Hatua ya 1: Chagua nyanya kwa rangi, hasa ya ndani

Nyanya ya kijani haina laikopini ya maana. Hutengenezwa wakati tunda linaiva, na kadiri wekundu unavyokolea ndivyo inavyoongezeka. Kata nyanya moja uitazame ndani: nyama iwe nyekundu hadi karibu na kikonyo, isiwe na kiini cheupe kigumu.

Nyanya zilizobaki za chungwa ziache juu ya meza, si kwenye friji. Kuiva vizuri kunahitaji joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Kwenye baridi ya friji kuiva husimama. Joto likizidi nyuzi 30 nalo ni tatizo, maana utengenezaji wa laikopini huzuiwa huku rangi ya njano ikiendelea kujengeka, na nyanya huishia kuwa ya chungwa hata ikilainika kabisa. Nyanya kama hiyo haijaharibika, ila usiitegemee kwa laikopini.

Hatua ya 2: Usimenye, saga

Uzito kwa uzito, ganda lina laikopini nyingi kuliko nyama. Anayemenya nyanya na kutupa maganda anatupa sehemu nono kuliko zote. Lakini ganda likiachwa vipande vikubwa halisaidii pia. Tazama rojo lililopikwa na nyanya zilizokatwa robo: maganda hujitenga na nyama, hujikunja kama vijiti vyembamba, na vijiti hivyo hupita tumboni vilevile vilivyo. Dawa yake ni kuvunjavunja kabla ya moto.

Ondoa kikonyo, kata nyanya vipande vinne, tia kwenye blenda pamoja na mbegu na maji yake, saga kwa dakika 1 kamili. Ukiona bado kuna vipande vya ganda vinavyoonekana, ongeza nusu dakika. Asiye na blenda akate vipande vya sentimita 1, kisha akishapika dakika 15 apondeponde kwa mwiko au kiponda viazi. Usipitishe rojo kwenye chujio, labda mlaji awe na sababu ya kiafya ya kukwepa mbegu na maganda. Yale mabaki mekundu yanayonata kwenye chujio ndiyo laikopini unayoitafuta.

Hatua ya 3: Mafuta yaingie mwanzoni

Pasha mafuta kwa moto wa wastani, tia kitunguu kilichokatwa vidogo na kitunguu saumu, kaanga dakika 5 hadi kilainike bila kuwa kahawia. Mafuta yasifike kutoa moshi, kwani yakishafika hapo yanaharibika, na laikopini inayoyagusa huharibika nayo.

Vitunguu hivi si vya ladha tu. Vina kemikali za salfa zinazosaidia fito za laikopini kupinda wakati wa kupikwa. Rojo lisilo na vitunguu bado hufanya kazi. Ni nyongeza, si sharti.

Sasa mimina nyanya zilizosagwa. Kwa nini mafuta yatangulie, badala ya kunyunyiziwa mwishoni? Kwa sababu laikopini inayotoka kwenye seli zikiwa motoni huyakuta mafuta palepale, huyeyuka, na hupata dakika 30 za joto ikiwa ndani yake. Mafuta yaliyotiwa mezani bado yanasaidia sana tumboni, ila yamekosa nafasi hiyo ya sufuriani.

Hatua ya 4: Muda na joto

Acha rojo lichemke bila mfuniko kwa dakika 10 kwa moto wa wastani ukikoroga. Kisha punguza moto, litokote polepole dakika 25. Korogea hadi chini ya sufuria, maana rojo likishakuwa zito sukari ya nyanya hushika chini na kuungua.

Dakika hizo hazikuchaguliwa ovyo. Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipasha nyanya kwa nyuzi 88. Laikopini iliyoweza kutolewa kutoka kwenye nyanya iliongezeka kwa asilimia 54 baada ya dakika 2, na kwa asilimia 171 baada ya dakika 15. Kwenye dakika 30 ilikuwa asilimia 164, yaani hapakuwa na faida tena. Moto haukutengeneza laikopini mpya. Uliifungulia ile iliyokuwa imefichwa. Kwa hiyo robo saa ya kwanza ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kufungua. Muda unaobaki kwenye rojo letu ni wa kukausha maji na kuipa laikopini nafasi ndani ya mafuta.

Kuna gharama. Katika kipimo hichohicho vitamini C ilipungua kwa karibu asilimia 29 kwenye dakika 30. Ndiyo maana anayekula nyanya kwa ajili ya vitamini C azile mbichi, na anayetaka laikopini azipike. Hakuna pishi moja linalotimiza yote mawili kwa ukamilifu, wala hakuna ubaya wa kula zote mbili kwa siku tofauti.

Kutokota saa 2 au 3 hakuongezi kitu cha maana. Laikopini huvumilia joto la maji yanayochemka vizuri kuliko vitamini C, lakini joto refu pamoja na hewa huanza kuila. Kukaanga kwa moto mkali hadi rojo linageuka kahawia ni kubaya zaidi.

Hatua ya 5: Soma rangi ya mafuta

Hapa ndipo utakapojua kama kazi imefanyika. Chota kijiko kimoja cha rojo, kiweke kwenye kisahani cheupe, subiri nusu dakika, kisha inamisha kisahani kidogo. Rojo ambalo bado linatoa maji mepesi pembeni, yenye rangi ya majani makavu, lirudishe motoni. Likiwa tayari, maji hayatoki. Pembeni hujitokeza ukingo mwembamba wa mafuta yenye rangi ya chungwa iliyokolea. Mafuta uliyomimina mwanzoni yalikuwa karibu hayana rangi. Rangi hiyo imetoka kwenye nyanya, na kwa kuwa laikopini haiwezi kuingia kwenye maji, ukingo ule unakuonyesha kwa macho yako kwamba imehamia kwenye mafuta. Si kipimo cha miligramu, maana karotini ya nyanya nayo huingia humo, lakini kwa jikoni kinatosha.

Mafuta yakibaki ya njano hafifu baada ya dakika 35, sababu huwa mojawapo ya mbili: nyanya hazikuiva, au hazikusagwa vya kutosha. Usipoona mafuta kabisa, huenda bado yamejichanganya ndani ya rojo jepesi. Endelea kutokotesha dakika 5 na ujaribu tena.

Hesabu ya sufuria hii

Kilo 1 ya nyanya iliingia na laikopini miligramu 26 hivi. Rojo likiwa tayari litakuwa na uzito wa karibu gramu 600, kwa sababu maji yamepaa. Mvuke haubebi laikopini, na hasara ya nusu saa ya kutokota ni ndogo. Ukigawa kwa watu 4, kila mmoja anapata gramu 150 za rojo, laikopini karibu miligramu 6 na mafuta gramu 7 kasoro kidogo.

Kiasi hicho cha mafuta kinatosha? Kwa karotenoidi kwa ujumla, yaani kundi la rangi za mimea ambamo laikopini imo, gramu 3 hadi 5 za mafuta kwenye mlo huchukuliwa kuwa kiwango cha chini kinachofaa. Jaribio la mwaka 2004 lililotumia saladi mbichi lilionyesha kwamba mchuzi wa saladi usio na mafuta kabisa uliacha karotenoidi zikiwa karibu hazijaingia mwilini, wenye gramu 6 uliingiza kiasi, na wenye gramu 28 uliingiza zaidi. Lakini gramu 28 za mafuta ni kilokalori 250 hivi. Kwa maoni yetu hakuna haja ya kwenda huko: nyanya iliyopikwa na kusagwa imeshapata msaada wa moto ambao saladi haikuupata, na gramu 5 hadi 10 kwa kila mlaji ni kipimo cha busara.

Kumbuka pia kwamba tumbo huhesabu mafuta ya mlo mzima. Kama rojo linaliwa pamoja na yai, samaki mwenye mafuta au karanga, unaweza kupunguza mafuta ya sufuriani hadi kijiko 1.

Nyanya ya kopo na nyanya mbichi

Nyanya ya kopo nzito imeshasagwa, imepashwa moto na kukaushwa kiwandani, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Ina laikopini karibu miligramu 29 kwa gramu 100, na kijiko 1 cha chakula (gramu 16) kina miligramu 4.6 hivi. Kinachokosekana ni mafuta, kwa sababu haina karibu kabisa. Usiikoroge kwenye maji moja kwa moja. Itie kwenye mafuta ya moto wa wastani, igeuzegeuze dakika 2 au 3 hadi mafuta yashike rangi, ndipo uongeze maji. Ikianza kuwa kahawia, umechelewa. Soma pia lebo: baadhi ya makopo yana chumvi nyingi.

Nyanya ikiliwa mbichi, fanya mambo mawili. Ikate vidogo uwezavyo, na iliwe pamoja na kitu chenye mafuta. Parachichi linafaa sana. Katika jaribio la mwaka 2005, kuongeza gramu 150 za parachichi kwenye nyanya zilizokatwakatwa kuliongeza laikopini iliyofyonzwa mara 4.4.

Vitu vinavyoharibu kazi yote

Vidonge vya kalsiamu ni mfano mzuri. Katika jaribio moja la watu, miligramu 500 za kalsiamu zilizoliwa pamoja na nyanya ya kopo zilipunguza laikopini iliyofika kwenye damu kwa asilimia 83. Anayevitumia avimeze kwenye mlo mwingine, akifuata maelekezo aliyopewa. Dawa za kupunguza uzito zinazozuia mafuta yasifyonzwe huzuia na laikopini, na mtu mwenye tatizo la nyongo au kongosho anaweza kupika kila kitu sawasawa na bado apate kidogo.

Wala si jambo la kushindania wingi. Mwaka 1960 madaktari waliripoti mwanamke ambaye ngozi yake iligeuka rangi ya chungwa baada ya miaka ya kunywa karibu lita 2 za maji ya nyanya kila siku. Hali hiyo hupungua ulaji ukipungua. Kuhusu magonjwa, tahadhari inafaa: mwaka 2011 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikataa madai ya kiafya yaliyowasilishwa kuhusu laikopini kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Mwongozo huu unahusu ufyonzwaji tu.

Kuhifadhi

Rojo lililopoa liwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, lijazwe karibu na ukingo ili hewa iwe kidogo, na likae gizani, maana hewa na mwanga ndivyo vinavyoila laikopini. Kwenye friji litumike ndani ya siku 3 au 4; likigandishwa hudumu miezi. Kulipasha tena hakuharibu kitu, mradi lisiungue.

Tumia chombo cha kioo. Kwenye plastiki, mafuta mekundu huacha doa la chungwa lisilotoka kwa maji wala kwa kusugua, kwa sababu laikopini imezama kwenye plastiki, ambayo nayo haipatani na maji. Paka mafuta safi ya kupikia juu ya doa, acha dakika 10, futa kwa karatasi laini, halafu ndipo uoshe kwa sabuni. Sehemu kubwa ya doa itaondoka na yale mafuta. Lililobaki lianike juani siku moja au mbili.